Bibi yangu (79) anataka tamthilia ya polepole yenye maneno ya kusikika. Nimpe ipi?

MjukuuWaPongwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wazoefu wa tamthilia maana mimi ni mtu wa mpira tu.

Bibi yangu mzaa mama ametoka Pongwe, Tanga, yuko kwangu Tabata tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho limekaa vizuri, anaona. Kazi hana, shamba hana, kwa hiyo baada ya swala ya alasiri anakaa mbele ya tivi mpaka magharibi. Shida ni kinachoonyeshwa. Wife anafuatilia tamthilia zake, bibi anakaa dakika mbili kisha anaanza, "Kasemaje?" Tunamwambia. Baada ya muda, "Kasemaje huyu naye?" Mwisho watu wanachoka, anajibiwa "si kitu, bibi." Juzi nilimwona kanyamaza kabisa, anaangalia tu picha zinavyopita. Iliniuma.

Nilipomuuliza anataka nini alisema hivi: "Hawa wanagombana wote kwa pamoja, sasa nani anamsikiliza nani? Nitafutie watu wanaosalimiana kwanza." Anapenda habari za mkwe na mawifi, urithi, mahari, kijiji. Zamani alikuwa hakosi Pwagu na Pwaguzi ya redio. Maandishi ya chini hayafuati, anasoma msahafu wa herufi kubwa lakini si maneno yanayokimbia. Kuongeza sauti nimeongeza mpaka jirani kaja kugonga.

Naomba majina, na kama kuna ujanja mwingine niambieni.

WaRongai

Aki boss, bibi yako ana miaka 79? Heshima kwako lakini 😂 Ushauri wangu, mwachie rimoti, usimchagulie. Bibi akichaguliwa kipindi anaona kama unamdharau. Mimi na bibi yangu kila mtu ana simu yake na amani iko nyumbani.

MjukuuWaPongwe

@WaRongai hahaha mkuu, huku kwetu bibi ni mama yake mama. Nyanya kwenu, ila huku nyanya tunatia kwenye mchuzi. Wife ana 31.

WaRongai

Waah, pole sana! Sasa hiyo ni shosho. Basi hiyo ni rahisi, mpe Vioja Mahakamani za KBC, ziko YouTube tele. Shosho wangu wa Kiambu alikuwa anaziangalia akipanga maharagwe na hapotezi hata neno moja.

SabufaKubwa

Tatizo si tamthilia, ni sauti ya tivi ndogo. Nunua sabufa, hata ile ya bei ya kawaida pale Kariakoo, unganisha, bibi atasikia mpaka pumzi za waigizaji. Nimemfungia baba yangu na sasa analalamika kelele.

FundiMawimbi

@SabufaKubwa uko sahihi nusu. Spika za nje ndiyo, sabufa hapana. Ndiyo maana mzee wako analalamika kelele na wala halalamiki kwamba maneno ni makali. Sabufa inaongeza ngoma na mlio wa gari, na maneno yanafunikwa.

Mleta mada, jibu kwanza hili. Kijijini bibi alikuwa na tivi gani?

MjukuuWaPongwe

Ya chogo. Ile kubwa nyuma, inchi 21, alipewa na mjomba. Na kweli anasema ile "ilikuwa inasema vizuri." Mimi nilidhani ni mazoea ya uzee.

FundiMawimbi

Si mazoea, anasema kweli. Tivi ya chogo ina spika mbele, pembeni ya kioo, zinamtazama mtu usoni. Tivi ya bapa ni nyembamba, spika zimewekwa chini au nyuma. Sauti inatoka inapiga ukuta au meza, halafu inarudi kwa bibi imepondeka. Ukiongeza sauti, unaongeza na ule mrudisho wa ukutani. Jirani anasikia zaidi, bibi anaelewa vilevile.

Fanya hivi, hakuna gharama:

Itoe tivi kwenye kabati kama imezamishwa ndani. Kitambaa cha kufumwa kinachoning'inia mbele ya meza kiondoe, kinakula sauti. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, kwenye tivi nyingi ni `Sound Mode`. Ukikuta `News`, `Speech` au `Clear Voice`, chagua hiyo. Kama hakuna, shusha `Bass` mpaka karibu na mwisho na upandishe `Treble` kidogo kidogo. Kitu chochote kilichoandikwa `Surround` kizime.

Ikishindikana, tafuta spika ndogo ya waya, iweke karibu na kiti cha bibi, kama mita moja, upande wa sikio lake zima. Nasema ya waya kwa sababu. Zile za `Bluetooth` nyingi zinachelewesha sauti kidogo, mdomo unafunga ndipo neno linafika. Wewe hutaona tatizo. Bibi ataona, kwa sababu mzee mwenye masikio mazito anasoma midomo bila kujua kwamba anaisoma.

NesiMstaafu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Fundi kagusa jambo. Mwanangu mleta mada, bibi yako anasema "sisikii" au anasema "kasemaje"?

MjukuuWaPongwe

Shikamoo mama. Anasema "kasemaje." Tena ukimwita kutoka jikoni anaitika.

NesiMstaafu

Marahaba. Basi ni masikio ya umri, na yana tabia yake. Sauti nzito anazipata, nyembamba ndizo zinaondoka kwanza. Irabu anazisikia, lakini s, f, t, sh zinapotea. Kwa hiyo "kata", "kasha" na "kasa" kwake zote zinafika kama "kaa." Anajua mtu anaongea, hajui anasema nini. Ukimpigia kelele unamkuzia ile "kaa" tu.

Ndiyo maana pia wanawake wenye sauti nyembamba na watoto watamsumbua kuliko mzee wa sauti nzito. Muziki ukipigwa chini ya maneno ndiyo basi kabisa. Ukichagua tamthilia, angalia hayo kabla hujaangalia hadithi.

Na kabla ya yote mpeleke zahanati wakamwangalie masikio. Nimeona wazee wengi wanaambiwa ni uziwi wa uzee kumbe nta imejaa. Inalainishwa kwa matone siku kadhaa, inaoshwa, mtu anatoka analalamika barabarani kuna kelele. Usimchokoe na pamba za kijiti, zinaisukuma ndani. Na asitiwe mafuta sikioni kabla hajaangaliwa, maana kama ngoma ya sikio ina tundu utamletea balaa jingine.

Mama_Tatu

Jamani mbona mnageuza uzi hospitali, kijana kaomba tamthilia 😅

Mpe zile za Kituruki zenye sauti za Kiswahili. Mama mkwe wangu hatoki. Sauti zinarekodiwa studio kwa hiyo hamna kelele za barabarani wala kuku, Kiswahili safi, na wanazungumza taratibu wakitazamana dakika nzima. Taratibu kuliko hapo hakuna, mtu anageuka tu na sehemu imekwisha.

FundiMawimbi

@Mama_Tatu hapo tutabishana kidogo. Sauti ya studio ni safi kweli, hilo nakubali. Lakini mdomo ni wa Kituruki. Kama mama mkwe wako anasikia vizuri, hakuna neno. Mtu anayesoma midomo, mdomo ukisema lingine na sikio lingine, anachoka upesi. Halafu kuna nyingine sauti ya mtu mmoja inatumika kwa wahusika watatu. Bibi akifumba jicho kidogo hajui tena nani anaongea.

Mama_Tatu

Mama mkwe wangu anasikia hata nikifungua friji usiku. Labda ndiyo tofauti. Lakini bado nasema mjaribishe, usimhukumu kabla.

Zamani_RTD

Nimesoma kimya, naomba niingie maana mada hii naijua. Nimefanya kazi ya sauti za michezo ya redio miaka mingi na nyumbani nina mama wa miaka 84.

Bibi yako amelelewa na redio. Hao waliokuwa wakisikiliza Pwagu na Pwaguzi, na baadaye Twende na Wakati ya Radio Tanzania iliyoanza 1993, wamezoea utaratibu fulani. Kwenye mchezo wa redio huwezi kuweka watu watano wanaongea pamoja, msikilizaji hatajua nani ni nani. Mtu anaingia anabisha hodi, anatajwa jina, anasalimiwa, ndipo habari inaanza. Bibi aliposema "nitafutie watu wanaosalimiana kwanza" nilicheka, maana hilo ndilo alilofundishwa na sikio lake. Ile salamu inampa muda wa kumtambua mtu na sauti yake kabla maneno ya maana hayajaja.

Kwa hiyo usitafute "polepole" kwa kutazama urefu wa tamthilia. Fanya kipimo hiki. Chukua sehemu moja, ruka dakika kumi za mwanzo, kisha keti uipe tivi mgongo kwa dakika tano. Sauti iwe ya kawaida. Sikiliza tu. Kila neno linalokupita, kunja kidole. Wewe una masikio mazima, kwa hiyo ukikunja vidole vitatu au vinne, bibi atapoteza nusu. Kisha geuka, tazama dakika tano nyingine, hesabu ni mara ngapi wamehama mahali. Sebule moja, uani, halafu sebule tena, hiyo anaifuata. Wakihama mara kumi, wengine wako kwenye gari, wengine kwenye simu, usimpe.

Sasa majina. Vioja Mahakamani aliyotaja mwenzetu wa Rongai si wazo baya kabisa, kwa sababu ambayo hakuitaja. Mahakamani anaongea mtu mmoja mmoja. Kiongozi wa mashtaka anauliza, mshtakiwa anajibu, hakimu anamnyamazisha anayedakia. Sheria ya mahali ndiyo inayosafisha mazungumzo. Chumba ni kimoja, na kesi inaanza na kwisha siku hiyohiyo, kwa hiyo akisinzia au akisahau ya jana hapotezi kitu. Udhaifu wake ni lafudhi. Utani mwingi umejengwa juu ya namna Mluo, Mluhya au Mkikuyu anavyokisema Kiswahili. Kwa Mkenya ndiyo raha yenyewe, kwa bibi wa Tanga inaweza kuwa kazi. Vitimbi ya marehemu Mzee Ojwang' ina uzuri na shida hiyohiyo.

Ya pili ni Siri ya Mtungi. Ilitoka 2012 na 2013, sehemu 26, watu ni wa Bagamoyo na Dar. Cheche mpiga picha, mkewe Cheusi, na ndugu na majirani wanaowazunguka. Kiswahili ni chetu, nyuso zinaonekana karibu, na jina lenyewe ni methali ambayo bibi atakumalizia kabla hujafika katikati. Lakini nakuonya. Ilitengenezwa kufundisha mambo ya afya na uzazi, kwa hiyo michepuko, ukimwi na mambo ya chumbani yamo. Itazame wewe kwanza.

Ya tatu, ukiipata, ni ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake wawili, ambayo TBC iliionyesha kwa Kiswahili 2011. Sehemu 36, na habari yote ni mkwe na wakwe. Ilizungumzwa sana wakati ule, hata rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Ila ndiyo hivyo, ni ya kuwekewa sauti, na hoja ya Fundi kuhusu midomo inaihusu.

MuskatiMjini

Asalaam alaykum. Mie niko Maskati, mama yangu wa Unguja ana miaka 82. Amezaliwa Ng'ambo na Kiswahili cha bara kikenda mbio humtoka. Tamthilia zote nimezijaribu, hataki. Anachotaka ni kumsikia mtu anayesema kama yeye. Nikamwambia dada yangu aliyeko Unguja amrekodie sauti za WhatsApp, habari za mtaani tu, nani kaolewa, nani kagombana na nani kwa ajili ya mfereji. Dakika kumi kila Ijumaa. Sasa hiyo ndiyo tamthilia yake, huirudia wiki nzima na akamkosoa dada kwa alivyosimulia. Sijui kama inakufaa lakini nimesema niweke.

SabufaKubwa

Hiyo ya mfereji hata mimi naitaka 😂

Kijana_Data

Kuna kitu hamjakitaja. YouTube ina kasi. Gusa gurudumu la mipangilio, `Playback speed`, weka `0.75`. Watu wote wanaongea polepole na sauti haibadiliki kuwa nzito. Tatizo limekwisha, tamthilia yoyote inakuwa ya wazee.

Zamani_RTD

@Kijana_Data inasaidia, lakini si kwa tamthilia yoyote. Watu wawili wakiongea kwa pamoja haraka, kwa `0.75` wanaongea kwa pamoja polepole. Na mwendo huo ukizidi waigizaji wanakuwa kama walevi, vokali zinavutika na muziki unayumba. Ukipata nafasi ya `0.9` ijaribu kwanza, mtu hagundui kama umepunguza. Halafu uzime `Autoplay`. Mama yangu aliachwa na kesi ya mahakamani, nikarudi nikamkuta anatazama mieleka.

MjukuuWaPongwe

Mmenipa darasa. Kesho naanza na zahanati kama mama alivyosema, halafu nitarudi na majibu.

Mama_Tatu

Usipotee kama wale wa "nitarudi" wa miaka yote.

MjukuuWaPongwe

Nimerudi, baada ya wiki nne. Nawaeleza moja baada ya nyingine.

Zahanati: sikio la kulia lilikuwa na nta imegandamana. Kapewa matone siku tano, kisha ikaoshwa. La kushoto lilikuwa safi. Mhudumu akasema usikivu wenyewe umepungua kwa umri, pande zote mbili, na akatuandikia tukapime hospitali kubwa. Hatujaenda bado. Tofauti ipo lakini si muujiza, "kasemaje" zimepungua labda nusu.

Tivi: ilikuwa imezama kwenye kabati na wife alikuwa kaifunika kile kitambaa cha kufumwa. Nimekitoa, kukawa na kikao cha familia, lakini nimekitoa. Tivi yangu haina `Clear Voice`, ina `News`. Nimeweka hiyo. Wife anasema sasa inasikika kama redio ya kituo cha polisi. Bibi anasema, "Ahaa, sasa inasema."

Kipimo cha mgongo: niliifanyia tamthilia ya wife bila kumwambia. Vidole saba kwa dakika tano. Mimi, mwenye miaka 34! Muziki haukatiki hata mtu anapoomba chumvi.

Vioja: alicheka siku ya kwanza kwa sababu ya mshtakiwa alivyosimama. Halafu akaniuliza, "Mbona wana pilipili mdomoni?" Alimwelewa hakimu, alimwelewa karani, mshtakiwa hakumwelewa. Sasa kwenye kesi, usipomwelewa mshtakiwa umebaki na nini? Tukaangalia kesi tatu, akasema inatosha, "hawa waende wakafungwe wote."

Ya Kituruki: @Mama_Tatu nilimjaribisha kwa heshima yako. Alikaa nayo vizuri dakika kumi, kisha akainama mbele akaangalia midomo. "Huyu anatafuna nini?" Nikamweleza kwamba ni Mturuki, kawekewa sauti. Baada ya hapo hakuangalia hadithi tena, alikuwa anawasubiri wakosee.

Siri ya Mtungi ndiyo imeshika. Alipoona Bagamoyo, mashua, nyumba za zamani na milango, akasogeza kiti mwenyewe. Kipimo cha mgongo nilikunja kidole kimoja. Zile sehemu za aibu nilikuwa na rimoti mkononi tayari, na ya kwanza ilipokuja nikaruka haraka. Bibi akanigeukia: "Mbona umeruka? Nimezaa watoto tisa, unanificha nini?" Wakuu, aliyeona haya pale ni mimi. Siku hizi wakati huo natoka nje kumpikia chai.

Kitu kimoja sikukitegemea. Anauliza maswali yaleyale, lakini si "kasemaje." Anauliza "huyu mumewe hana haya?" na "huyu mama yake yuko wapi amkanye?" Na wife sasa anakaa naye, wanabishana.

NesiMstaafu

Nimefurahi kusoma. Mwanangu, kile cheti cha kupima kisikae kwenye droo. Na dirisha lisiwe nyuma ya tivi, jicho lililofanyiwa upasuaji mwanga ukimpiga usoni hataona midomo.

MjukuuWaPongwe

Dirisha liko nyuma ya tivi, mama 😬 Nahamisha kesho.

WaRongai

Hakimu wa Vioja amepata mashabiki Tabata lakini, hiyo ni ushindi. Na lafudhi tutafundisha shosho polepole.

FundiMawimbi

Spika ya waya umejaribu?

MjukuuWaPongwe

Bado. Nilitaka kwanza nione `News` na kabati vinafika wapi. Akiwa peke yake inatosha, watoto wakirudi shule haitoshi. Nadhani nitainunua mwisho wa mwezi.

Mama_Tatu

Mimi bado sijakubali kuhusu Kituruki, mmemjaribisha moja tu tena ukamwambia siri ya midomo. Ungenyamaza.

Zamani_RTD

Hapo ana hoja.

Mko sehemu ya ngapi?

MjukuuWaPongwe

Ya 19. Tunaangalia moja kwa siku, baada ya alasiri, akitaka ya pili nasema bando limeisha. Zimebaki saba na tayari ameniuliza Cheche ana ndugu gani wengine ambao hawajaonyeshwa. Mwenye jina la kufuata baada ya hapo aliweke hapa, ila apige kipimo cha mgongo kwanza kabla hajaniandikia.